Siku Moja Maishani Mwangu: Daktari wa Ng'ombe, Molo

Saa kumi na moja alfajiri niko macho. Nachemsha vifaa, napanga dawa, nawasha pikipiki. Wengi hudhani kazi yangu ni kudunga sindano na kupokea pesa. Kufikia saa mbili nimeshampandisha ng'ombe mmoja kwa mrija wa mbegu za dume upande wa Elburgon, na mwingine nimemtibu kiwele.

Saa tatu kasorobo simu inalia.

"Daktari, habari ya asubuhi? Umeamkaje? Watoto hawajambo? Mvua imefika huko?"

Ni mzee ninayemheshimu sana. Siku nyingine tungejuliana hali mpaka ya shamba. Lakini nyuma yake nasikia mama akipiga kelele, "Ataanguka! Ataanguka!"

"Mzee wangu, niwie radhi. Kuna nini?"

"Sisi tuko salama tu, tunashukuru Mungu, ila huyu ng'ombe..."

"Amesimama au amelala? Amevimba upande gani?"

Kimya. Najua nimemuudhi, na sitajuta. Ng'ombe aliyejaa gesi anaweza kufa ndani ya saa chache, wengine hata mapema zaidi, kwa sababu tumbo husukuma mapafu hadi hewa ikose pa kuingia.

"Amesimama. Kushoto kumekaza kama ngoma."

"Amekula nini?"

"Alikata kamba usiku, akaingia kwenye minji."

Basi. Minji michanga yenye umande hutengeneza povu tumboni, na gesi ikinaswa kwenye povu ng'ombe hawezi kucheua wala kubeua. Nikamwambia amsimamishe miguu ya mbele ikiwa mlimani, asimwache alale, na asimnyweshe kitu hadi nifike, maana mtu mwenye haraka hummiminia ng'ombe mafuta yakaingia mapafuni.

Barabara ilikuwa tope tupu. Nilipofika alikuwa ametoa ulimi, anapumua kwa shida. Nilipitisha mpira mdomoni hadi tumboni. Ingekuwa gesi tupu ingetoka kwa kishindo na tumbo lingeshuka hapo hapo. Kilichotoka ni povu kidogo, kisha mpira ukaziba. Kijana wa jirani akataka nimtoboe ubavuni. Nikakataa: povu huziba hata tundu hilo, na kutoboa nakuweka mwisho kabisa, ng'ombe akianza kuanguka. Nikamtia mafuta ya kupikia kama mililita 300 kupitia mpira ule ule, ili yavunje povu, nikalisugua tumbo upande wa kushoto huku kijana akimtembeza polepole. Mikono iliniuma hadi mabegani.

Kama robo saa hivi akabeua. Harufu yake sikujali. Akabeua tena, na kile kibonde cha ubavu wa kushoto kilichokuwa kimevimba kikaanza kurudi. Nilikaa pale mpaka alipoanza kucheua.

Mzee alikuwa bado amenikunjia uso kidogo. Nikampa mkono, nikamwamkia kwa adabu zote, nikamuuliza habari ya wajukuu. Kisha nikamwonyesha fundo la kamba litakalobana, na nikamsihi asubuhi ampe nyasi kavu kwanza, asimwachie majani mabichi kabla umande haujakauka.

Jioni sijui hata ilikuwa saa ngapi. Bado nilikuwa na ndama wa kutibu huko Njoro, anaharisha.