Nilivyooka biskuti za vitani, na kosa lililonigharimu kopo zima

Mjomba wangu alikuwa askari, na ndiye aliyenipotosha. Nilipomwambia nataka kuoka biskuti ngumu kama zile walizokula askari wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, alinitazama kwa huruma. "Mpwa wangu, tia mafuta kidogo, zitalainika." Huyu ni mtu aliyelishwa chakula cha pakiti miaka yote ya utumishi wake, lakini kwa kuwa alivaa magwanda nikamwamini.

Biskuti yenyewe ni unga wa ngano, maji na chumvi kidogo, basi. Mafuta huchacha baada ya muda, na posho ya jeshi ilikuwa ikikaa ghalani miezi mingi kabla ya kufika kambini. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Nilichanganya unga gramu 500, maji kikombe kimoja hivi, na hayo mafuta ya mjomba. Nikasukuma unene wa sentimita moja na ushei, nikakata vipande vya mraba, nikaoka nusu saa. Vikatoka vya rangi ya dhahabu, vimevimba kama mito ya kulalia kwa sababu sikuvitoboa. Nikavipanga kwenye kopo vikiwa bado na joto, nikafunga kifuniko kwa nguvu, nikatembea kifua mbele.

Wiki ya tatu nikafungua. Harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Juu palikuwa pagumu kama kigae, lakini nilipokivunja kimoja, katikati palikuwa na ukungu wa kijani. Maji yalibaki ndani, na mvuke wa ule moto niliofungia haukuwa na pa kutokea. Tena siri ya biskuti hii si ugumu, ni ukavu. Ugumu ni matokeo tu.

Mara ya pili sikumuuliza mtu. Mafuta nikayaacha. Kila kipande nikakitoboa kwa ncha ya kijiti, mistari minne ya matundu manne, mpaka chini, ili mvuke upate njia. Nikaoka kama mwanzo, nikageuza, kisha nikashusha moto wa oveni mpaka nyuzi 100 hivi na kuviacha saa nyingi. Ngapi? Hapo ndipo ninapojivunia, maana sikuhesabu saa, nilitumia mizani. Unga mkavu unaouona una maji yake tayari, zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Kwa hiyo biskuti zote pamoja zikizidi uzito wa unga ulioanza nao, bado kuna maji, hata zikilia ko ko ukizigonga. Zangu zilitoka mara ya kwanza na gramu 560. Nikarudisha. 510. Nikarudisha tena, nikalala, asubuhi 470, na baada ya saa moja zaidi mizani haikusogea. Nikaziacha zipoe kabisa ndipo nikafunga. Miezi minane sasa, hazina doa.

Zile gramu 470 ni karibu sawa na posho ya siku ya askari mmoja wa wakati ule, ratili moja, yaani biskuti tisa au kumi. Nikajaribu kuila siku nzima. Ya kwanza nilitaka kuing'ata kishujaa, na jino langu lililozibwa likanikumbusha kwa nini wale askari waliziita vibutua meno. Wao walizipondaponda kwa kitako cha bunduki au kuzitumbukiza kwenye kahawa ya moto, ambapo fukusi waliotoboa makazi humo walielea juu wakaenguliwa kwa kijiko. Zangu hazikuwa na fukusi, lakini kahawa ilifanya kazi. Kilichonishinda kuacha ni kuziloweka kwenye maji baridi mpaka zilegee, kisha kuzikaanga kwenye mafuta ya nyama ya chumvi, kama walivyofanya wao. Ila nyama hiyo iloweke usiku kucha na ubadilishe maji. Mimi nilibadilisha mara moja tu, nikanywa maji mpaka usiku wa manane.

Mjomba alikuja na pakiti yake ya Kimarekani, aina iliyoanza kutumika miaka ya 1980, tushindane. Hiyo imefuata njia ya kinyume: haikaushwi. Chakula kinafungwa na maji yake kwenye mfuko wa tabaka za plastiki na alumini, kisha mfuko mzima unapikwa kwa shinikizo hadi vijidudu vife. Akamimina maji kidogo kwenye kifuko cha kupashia chenye unga wa magnesi, kikaanza kuchemka bila moto. Nikamtoa nje nacho, kwa kuwa kinatoa gesi ya haidrojeni na yeye alikuwa amewasha sigara.

Alikula mchuzi wake wa moto akinicheka. Kisha akachukua biskuti yangu moja, akaigonga mezani mara tatu, akaomba kahawa.