Mita ndogo, konvata ya USB na kilichokuwa kikila tokeni usiku

Nyumba yetu ya Kisauni ina ghorofa mbili na mita moja ya tokeni. Mama anakaa chini, mimi na familia yangu juu, na kila uniti zikikwisha mapema lawama huanzia kwenye pasi ya mke wangu, hupitia friji ya mama, na huishia kwenye feni za watoto. Mita ya kampuni ya umeme inaonyesha zilizobaki. Haiwezi kunieleza ni wati ngapi zinapita saa hii, wala zilipita ngapi saa nane za usiku. Isitoshe, ni mali yao na imepigwa sili, kwa hiyo hiyo siigusi.

Nikanunua mita ya pili, Eastron SDM120 ya aina yenye Modbus, lugha ambayo kompyuta huitumia kuiuliza mita vipimo vyake. Ni nyembamba, milimita 17.5 tu, inakaa kwenye reli ya boksi la fyuzi, na inahimili hadi ampea 45 za fezi moja. Kazi ya kuifunga baada ya swichi kuu nilimwachia fundi wa stima mwenye leseni, maana upande huo una volti 240 na hauna mzaha. Sehemu yangu ilikuwa zile tundu mbili ndogo za RS-485, zilizoandikwa A na B, ambamo mita huzungumza.

Modbus ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya mitambo ya viwandani, na uzuri wake ni kwamba imebaki sahili mno. Mita haisemi mpaka iulizwe. Unatuma baiti nane, inajibu kwa baiti chache, basi. Kwa upande wa kompyuta nilitumia konvata ya USB ya bei ya chini kabisa, ile yenye chipu ya CH340 na skrubu mbili za kukazia nyaya. Waya nilikata kutoka kwenye kebo ya mtandao, nikatumia jozi moja iliyosokotwa kwa A na B. Umbali kutoka boksi hadi mezani ni kama mita kumi, na kwa kasi ndogo ya mita hii sikuhitaji rezista ya omu 120 mwishoni mwa laini. Watu huzing'ang'ania sana rezista hizo hata pale ambapo hazina kazi.

Ukichomeka konvata kwenye Linux, amri ya `dmesg` huandika `ch341-uart converter now attached to ttyUSB0`. Kwenye laptopu yangu maneno hayo yalitokea, kisha kifaa kikatoweka papo hapo. Aliyekinyakua ni `brltty`, programu ya vifaa vya kusomea vya wasioona, ambayo katika baadhi ya matoleo ya Ubuntu huidhania CH340 kuwa kifaa chake. Mimi sina kifaa cha aina hiyo, kwa hiyo niliiondoa. Ukiwa unacho, itabidi utafute njia nyingine. Baada ya hapo nilijiongeza kwenye kundi la `dialout` ili nisilazimike kutumia `sudo` kila mara.

Sasa, mazungumzo yenyewe. Mita hii hutoka kiwandani ikiwa na anwani 1, kasi ya baudi 2400, biti 8, bila pariti, na biti moja ya kufungia. Skripti yangu ya kwanza ilikuwa hii:

```python
import minimalmodbus
m = minimalmodbus.Instrument('/dev/ttyUSB0', 1)
m.serial.baudrate = 2400
m.serial.timeout = 0.5
print(m.read_float(0x0000, functioncode=4))
```

Mstari wa `timeout` usiuache. Maktaba hii kwa kawaida husubiri sekunde 0.05 pekee. Kwa kasi ya 2400 kila baiti huchukua kama milisekunde 4.2 kupita kwenye waya, na jibu la mita lina baiti tisa, yaani karibu milisekunde 38 kabla hata hujahesabu muda wa mita kufikiri. Milisekunde hamsini hazitoshi. Ukiuacha mstari huo nje utaambiwa hakuna jibu, au jibu limekatika, na utaanza kufungua skrubu zisizo na hatia.

Hata hivyo, kimya kinaweza pia kutoka kwenye waya. Herufi A na B hazina maana moja kwa watengenezaji wote. Wengine huita A ule waya ambao wenzao huuita B, na konvata za bei ya chini zina mazoea hayo. Yangu ilikaa kimya kabisa mpaka nilipobadilisha nyaya mbili hizo upande wa konvata. Kuzibadilisha hakuunguzi kitu, kwa hiyo ndilo jambo la kujaribu mwanzo kabla ya kuilaumu mita. Kuna tofauti ya kuzingatia hapa. Mita ikijibu kwa namba ya ajabu, waya uko sawa na tatizo ni namna unavyosoma. Ikinyamaza kabisa, angalia nyaya, kasi, anwani au muda wa kusubiri.

Namba za ajabu nazo zina chanzo chake. Swali la volti kwa mita yenye anwani 1 ni hili:

```
01 04 00 00 00 02 71 CB
```

Yaani: anwani 1, kazi ya 4, anza rejista ya 0, nipe rejista 2, na baiti mbili za mwisho ni za kuhakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Rejista moja ya Modbus ni biti 16 tu, na mita hii huandika kila kipimo kwa biti 32 zenye desimali, ndiyo maana tunaomba mbili. Jibu likija na `43 70 80 00`, hiyo ni volti 240.5. Lakini programu ikizipanga rejista hizo kinyume, itasoma `80 00 43 70`, nayo hugeuka namba hasi iliyo karibu na sifuri kiasi cha kuandikwa `-2.4e-41`. Ukiona kitu cha namna hiyo mahali pa volti, usiguse waya. Geuza mpangilio wa rejista kwenye programu.

La pili ni namba ya rejista yenyewe. Kitabu cha mita huita volti 30001. Tarakimu 3 ya mbele inataja aina ya rejista, ile inayosomwa kwa kazi ya 4, na hesabu ya kitabu huanzia 1 ilhali kwenye waya huanzia 0. Kwa hiyo 30001 ni `0x0000`, wati ambazo ni 30013 ni `0x000C`, na jumla ya uniti zilizoingia, 30073, ni `0x0048`. Programu ya `mbpoll` hufuata hesabu ya kitabu, ile ya Python hufuata ya waya. Ndiyo maana mtu hunakili namba ya mwenzake na isimfae.

Nilihakiki kwa birika la umeme. Taa nyekundu ya mita humeta mara 1000 kwa kila uniti, yaani kila mmeto ni saa-wati moja. Birika likiwaka, wati 2000 na ushei zikasomeka kwenye skrini, na taa ikawa inameta kwa pengo la chini kidogo ya sekunde 1.8. Gawanya 3600 kwa idadi ya wati upate pengo hilo. Zikilingana, unasoma rejista sahihi.

Nikaiacha skripti isome wati kila baada ya sekunde 10 usiku kucha na kuandika kwenye faili. Asubuhi, kati ya mistari mingi iliyokuwa ikicheza karibu na 118, kulikuwa na hii:

```
02:14:10  118.6
02:14:20  902.3
02:14:30  897.8
02:14:40  899.1
02:14:50  896.4
02:15:00  119.0
```

Kisha ikarudi saa 02:20, tena 02:26, hivyo hivyo hadi alfajiri. Kama wati 780 kwa sekunde arobaini, kila dakika sita, na watu wote wamelala. Kama ningesoma mara moja kwa dakika, baadhi ya raundi zingeweza kunipita.

Wati 780 ndani ya nyumba hii ni pampu ya presha ya maji. Nilimwambia mama kwamba pampu inawaka usiku.

"Wacha we! Na nani yuwafungua maji saa hizo?" akaniuliza.

"Hakuna mtu, mama. Kuna mahali yavuja."

Pampu hiyo huwaka presha ikishuka, kwa hiyo kuwaka bila bomba kufunguliwa kulimaanisha maji yanatoka kidogo kidogo. Nilitia rangi ya chakula kwenye tangi la kila choo bila kuvuta maji. Baada ya muda bakuli la choo cha chini likawa jekundu lenyewe. Mpira wa vali ulikuwa umelika. Fundi bomba alipoubadilisha, usiku uliofuata faili likabaki kwenye 118 pekee, isipokuwa pale mtu alipoamka kuoga.

Hesabu yake ni hii: wati 780 kwa sekunde 40 ni saa-wati 8.7. Mara kumi kwa saa ni 87, na kwa siku nzima ni uniti 2 na kidogo. Pasi ya mke wangu haifiki hapo hata kwa wiki yenye harusi.

Fundi alikuwa amewahi kuipima pampu hiyo kwa mita ya kubana waya, akapata ampea 4.4 na kuzidisha kwa volti: zaidi ya 1,050. Hakukosea ampea, ila mota haitumii yote hayo kama kazi. Kipimo cha wati halisi ndicho 780, na uniti za tokeni huhesabiwa kwa wati halisi, kwa hiyo soma `0x000C` moja kwa moja badala ya kuzidisha mwenyewe.

Sasa mpangaji anahamia chumba cha uani na nataka mita yake ikae kwenye laini hiyo hiyo. Nyaya zitatoka konvata hadi mita ya kwanza, kisha kutoka hapo hadi ya pili, bila kutawanya matawi. Mita mpya nayo huja na anwani 1, na zikiwa mbili zitajibu kwa pamoja na ujumbe kuharibika. Hivyo ya kwanza naitoa kwenye laini, naibonyeza mpya kitufe chake kwa sekunde chache hadi iingie hali ya kupangwa, kisha:

```python
m.write_float(0x0014, 2.0)
```

Anwani nayo huandikwa kwa desimali, 2.0, kwa sababu mita hii huhifadhi hata mipangilio yake kwa biti 32. Baada ya hapo inaitwa kwa `Instrument('/dev/ttyUSB0', 2)`, na ya kwanza inarudishwa kwenye laini.