Embe, kiganja na chati ya kugeuza: nilivyofundisha vidonda vya mgandamizo wodini

Wanafunzi wa uuguzi wakiletwa wodini kwetu huwa wameshakariri madaraja ya vidonda vya mgandamizo, vile vinavyotokana na kulalia sehemu moja muda mrefu. Muulize yeyote daraja la kwanza ni lipi, atakujibu bila kumeza mate: ngozi haijachanika, ina wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Sasa mpeleke kitandani kwa bibi mwenye ngozi nyeusi, taa ya juu imeungua na dirisha liko upande wa pili, umwambie akuonyeshe huo wekundu. Anainama, anaangalia, anainuka, anasema ngozi iko salama. Mara nyingi haiko salama. Maelezo aliyokariri yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe.

Nilipopewa kazi ya kuwafundisha, pamoja na ndugu wanaouguza, niliamua kuanza na mkono. Jicho lingekuja baadaye.

Bibi niliyemtumia kufundishia alikuwa amepata kiharusi, upande wa kushoto umelegea. Alianguka chumbani usiku wa Jumapili na mjukuu wake akamkuta asubuhi, amelala chali kwenye sakafu ya saruji. Aliletwa Jumatatu hiyo hiyo. Jumanne, wakati wa kumwogesha, niliwaita wanafunzi wawili tukamgeuza ubavu. Nikawaambia waweke mgongo wa mkono, usio na glavu nene, kwanza kwenye ngozi ya kiunoni pembeni, kisha wauteremshe taratibu hadi kwenye mfupa ulio juu ya mfereji wa makalio. Yule wa kwanza alisita hapo juu ya mfupa. "Sista, hapa pana joto." Nikamwambia abonyeze kidogo kwa ncha za vidole. Palikuwa pagumu kuliko pembeni, na bibi akakunja uso. Tukalowesha ngozi kidogo kwa maji na kuimulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, si kutoka juu, na hapo ndipo doa lilipojitokeza, jeusi kuliko ngozi ya jirani na lenye kuelekea rangi ya zambarau kwa mbali. Lilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Hilo ndilo daraja la kwanza kwa watu wetu. Joto, ugumu au ulaini usio wa kawaida, maumivu, na rangi inayotofautiana na ya jirani. Mahali pengine panaweza kuwa pa baridi badala ya moto, kwa hiyo unachotafuta ni tofauti, na tofauti huipati bila kugusa sehemu mbili. Kila sehemu yenye mfupa karibu na ngozi hukaguliwa hivyo: kisogo, masikio, mabega, viwiko, nyonga, juu ya makalio, vifundo vya miguu na visigino. Na pale mpira wa mkojo au mrija wa oksijeni unapolalia ngozi pia.

Binti yake bibi alikuwa na chupa ya spiriti na mafuta ya mgando, akaniambia kwa heshima zote kwamba jirani yake, nesi mstaafu, alimfundisha kusugua hapo hapo penye doa ili damu itembee. Si uzushi wa jirani, zamani mambo yalifundishwa hivyo. Lakini pale ngozi na nyama zilizo chini yake zimeshaanza kufa njaa ya damu, na kusugua kunazichana zaidi, halafu spiriti inaikausha ngozi. Mafuta tuliyabakiza kwa kupaka bila kusugua, kwenye miguu na mikono. Tuliondoa pia lile duara la nguo alilokuwa amemkalisha bibi juu yake, kwa kuwa linabana ngozi iliyozunguka tundu na kuzuia damu kufika katikati.

Madaraja yenyewe nayafundisha kwa embe lililoiva. Nabonyeza embe bila kulimenya: ganda zima, ndani pameumia. Nakwangua ganda juu juu hadi unyevu uonekane. Hilo la pili, ngozi ya juu imetoka na kidonda ni cha waridi, kibichi, bila mafuta ya mwili wala utando wa njano. Nachimba hadi kwenye nyama ya embe, hilo la tatu, ambapo mafuta yaliyo chini ya ngozi yanaonekana. Nikifika kwenye kokwa tumefika la nne: mfupa, kano au msuli uko wazi. Kisha nafunika shimo kwa kipande cha ganda kilichokauka na kuuliza hili ni daraja gani. Wengi husema la tatu. Jibu ni kwamba halina daraja bado, kwa sababu sakafu yake huioni. Ukiona utando wa njano au gamba jeusi limefunika kidonda, andika hivyo hivyo, usikisie.

Jumatano tulipata somo ambalo embe lilikuwa limetuandalia. Kisigino cha kushoto cha bibi, upande uliolegea, kilikuwa na doa la zambarau iliyoiva, na pembeni lengelenge lenye damu. Mwanafunzi akaandika kwenye faili "daraja la 2" kwa sababu aliona lengelenge. Lengelenge la daraja la pili lina maji maangavu. Likiwa na damu, au ngozi nzima ikiwa ya zambarau, hilo ni jeraha la nyama za ndani, na lina jina lake peke yake nje ya yale manne. Rangi yake hujitokeza kwa kawaida saa 48 hadi 72 baada ya mgandamizo wenyewe. Zamu ya usiku ilikuwa imeshaanza kunyooshewa vidole. Tukahesabu kurudi nyuma kutoka Jumatano asubuhi, na hesabu ikatupeleka kwenye ile sakafu ya saruji. Ndiyo maana siku hizi nasisitiza mgonjwa akaguliwe mwili mzima anapopokelewa, na aulizwe alilala wapi na kwa muda gani kabla ya kuletwa.

Nikaja kwenye kugeuza. Chati ya kawaida ya wodini ina safu ya saa na safu ya sahihi. Siiamini sana. Nimeziona chati zilizojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja kuanzia saa 12 jioni hadi asubuhi, wakati shuka la mgonjwa halina hata kunjo. Tuliyomchorea bibi, kwenye kipande cha boksi la dripu kilichoning'inizwa ukutani, ilikuwa na saa, mkao, na safu ya tatu ya kile mkono ulichokikuta mahali alipokuwa amelalia. Safu hiyo ni ngumu kuidanganya, kwa sababu huwezi kuijaza bila kumgeuza.

Kwa godoro la sponji la kawaida tulianza na saa mbili mbili mchana. Saa 12 asubuhi ubavu wa kulia, saa 2 anakalishwa apate uji, na mara anapomaliza anakwenda ubavu wa kushoto, saa 4 anarudi kulia, na kuendelea hivyo. Chali haikuwemo kabisa isipokuwa wakati wa kula, kwa sababu ya lile doa la juu ya makalio. Na upande wa kushoto ulipewa muda mfupi zaidi, kwani upande usio na hisia haulalamiki.

Ubavu wenyewe una namna yake, na hapa ndipo ndugu wengi hukosea kwa nia njema. Humlaza mgonjwa ubavu kamili, uso ukutani, uzito wote ukakaa juu ya mfupa wa nyonga. Tunachotaka ni kumwinamisha kiasi cha nyuzi 30 tu. Unaweka mto au kanga mbili zilizokunjwa nyuma yake kuanzia begani hadi kiunoni, anaegemea hapo, na mguu wa juu unapata mto wake mbele. Kisha unapitisha kiganja chini ya mfupa wa makalio: kipite bila kukwama. Ukapitishe pia chini ya nyonga ya upande aliolalia. Kikikwama popote, mto haujakaa sawa. Visigino navyo vinaning'inia: mto unalala kwa urefu chini ya mashavu ya miguu, goti likikunjika kidogo, na karatasi inapita chini ya kisigino bila kugusa kitu. Mto usiishie kwenye kano ya nyuma ya kifundo.

Tulimsogeza juu kitandani kwa shuka la kumvutia lililo chini yake, watu wawili, tukimwinua. Kumburuza kwa makwapa kunaifanya ngozi ibaki nyuma wakati mifupa inakwenda mbele, na mishipa midogo inapindika katikati. Jambo hilo hilo hutokea kichwa cha kitanda kikiinuliwa sana na mgonjwa akateleza, kwa hiyo nje ya kula kilibaki nyuzi 30 au chini.

Muda wa kugeuza unapimwa na ngozi. Ukimtoa upande mmoja, gusa alipolalia, rudi baada ya nusu saa uguse tena. Joto na rangi vikiwa vimerudi kawaida, muda unafaa. Visipokuwa vimerudi, punguza nusu saa kwenye zamu inayofuata. Usiku tulikwenda saa tatu tatu kwa huo mwinamo wa nyuzi 30. Utafiti mmoja wa Ireland uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha mpango kama huo na ule wa kugeuza ubavu kamili kila saa sita, na wa saa tatu ulipunguza vidonda kwa kiasi kikubwa. Kugeuza kila baada ya saa mbili usiku kucha nyumbani kwa mtu ni ahadi inayovunjwa wiki ya kwanza.

Doa la makalio lilipoa, likalainika na rangi ikafifia ndani ya siku chache. Kisigino kilikwenda njia nyingine: lengelenge likakauka, likawa gamba jeusi gumu, lisilo na unyevu. Binti aliuliza lini litakatwa. Gamba la kisigino lililo kavu, limeshikamana kote na halina wekundu pembeni huachwa. Linafunika kama ngozi, na kazi yetu ni kisigino kisiguse kitu. Tulimwonyesha dalili za kumrudisha haraka: kingo kulainika, majimaji, harufu, pembeni kuvimba au kupata joto, homa. Mguu wenye mishipa mibovu au mgonjwa wa kisukari huonwa na daktari mapema zaidi.

Tulipompa ruhusa, chati ya nyumbani aliipanga binti mwenyewe. Saa 4 usiku yeye kabla ya kulala, saa 7 mjukuu anayesomea mtihani, saa 10 yeye tena, alfajiri mume wake akiamka kuswali. Alipomleta kliniki bado gamba lilikuwepo, kingo zimeanza kuachia zenyewe kukiwa kukavu. Kwenye safu ya tatu, usiku mmoja wa saa 7, mjukuu alikuwa ameandika: "nyonga kulia moto, nimemrudisha kushoto, saa 7:30 imepoa."