Ujumbe wa matokeo uliotuokoa wiki ya kufunga shule

Ni mwaka wangu wa tatu kama mwalimu wa taaluma katika sekondari moja ya kutwa hapa Moshi. Mwaka wa kwanza nilituma kwa wazazi mstari mmoja tu: "Matokeo ya Kidato cha 3 yametoka, mwenye malalamiko afike shuleni." Tulikuwa tumeshafunga. Wazazi walikuja kutoka Pasua, Rau na Kiboriloni, wakanikuta peke yangu ofisini. Mwalimu wa Hisabati alikuwa Rombo kwao, wa Jiografia yuko kwenye basi la Mwanza, na karatasi za mitihani zimefungiwa kwenye makabati yao. Niliumia kumrudisha mzazi aliyeacha genge lake asubuhi nzima.

Safari iliyofuata nilianza na siku ambayo walimu wangeondoka, Ijumaa tarehe 6 Juni, nikahesabu kurudi nyuma. Ujumbe ukawa huu:

"Mzazi, matokeo ya awali ya Kidato cha 3 yanatoka Jumatatu 2/6 saa 4 asubuhi. Mwanafunzi atarudishiwa karatasi zake darasani. Mwenye hoja ajaze fomu kwa mwalimu wa darasa, mwisho Jumatano 4/6 saa 10 jioni. Majibu Alhamisi 5/6. Matokeo ya mwisho Ijumaa 6/6. Taaluma"

Rasimu yangu ilisema "kabla ya Jumatano". Nikamsomea mhasibu wetu, akauliza kama Jumatano yenyewe imo. Mimi nilikusudia imo, yeye alielewa haimo. Ndiyo maana nikaandika "mwisho" pamoja na saa.

Neno "awali" nalo nililizungushia alama za mtajo zilizopinda, zile ambazo kompyuta huziweka yenyewe. Mfumo wa kutuma ukaniambia ujumbe ni sehemu nne. Kumbe meseji ya herufi za kawaida hubeba herufi 160, au 153 kwa kila sehemu ukiwa mrefu, lakini alama moja tu iliyopinda huibana hadi 70, au 67 kwa sehemu. Nilipoziondoa, herufi zangu 263 zikaingia kwenye sehemu mbili. Kwa wazazi 140 tulilipia sehemu 280 badala ya 560.

Fomu yenyewe ilikuwa nusu karatasi: jina, somo, namba ya swali, na kuchagua kati ya mambo mawili. La kwanza ni kujumlisha upya, ambalo mwalimu wa darasa hulimaliza papo hapo na mwanafunzi akiwa amesimama pale. La pili ni kusahihisha upya, na hapo karatasi huenda kwa mwalimu mwingine wa somo hilo akiwa na mwongozo uleule wa usahihishaji. Chini niliandika kwamba alama inaweza kupanda, kushuka au kubaki, na mzazi anasaini.

Jumanne akaja mama mmoja na binti yake.

"Mwalimu, huyu ananiambia swali la 12 halikuhesabiwa. Mimi hesabu sijui, nimekuja tu nione."

Nikamkaribisha kiti, tukafungua karatasi. Gamba lilisema 38. Swali la 12 ni la sehemu B, lenye alama 10, na binti alikuwa amepata 9. Lilikuwa ukurasa wa mwisho, peke yake, na msahihishaji hakuufunua wakati wa kujumlisha. 38 na 9 ni 47, yaani kutoka D hadi C.

Alama hizo tisa zilibadili mengi. Katika masomo yake saba bora alikuwa na B nne, C mbili na hiyo D ya Hisabati. B ni pointi 2, C ni 3, D ni 4, kwa hiyo jumla ilikuwa 18, daraja la pili. D ilipogeuka C, jumla ikawa 17, na daraja la kwanza linaishia hapohapo kwenye 17. Mama aliniomba nimrudie hesabu hiyo mara mbili, nami nilimrudia kwa furaha.

Ila binti alipopanda kutoka nafasi ya 9 hadi ya 6, wenzake watatu walishuka nafasi moja moja. Hapo neno "awali" lilifanya kazi yake, maana hakuna mzazi aliyekuwa ameshapewa ripoti yenye muhuri. Kama ningeigonga muhuri Jumatatu, ningelazimika kuwafuata watatu hao na kuwaambia wairudishe.

Hoja zote zilikuwa 14. Kumi na moja za kujumlisha, na tano kati ya hizo zilikuwa na kosa kweli, karibu zote ukurasa wa mwisho. Tatu za kusahihisha upya: mbili zilibaki palepale, moja ya Historia ikashuka alama 2, na baba yake akaipokea kwa sababu alikuwa amesaini. Alhamisi jioni nilichapa orodha upya, Ijumaa ikabandikwa. Muhula huu nimewaomba walimu waandike jumla ndogo chini ya kila ukurasa kabla ya kugusa gamba.