Barua yenye neno "kujitolea"

Ijumaa, saa tano usiku. Leo nimepokea barua ya kuwa mlezi wa hosteli, wiki ya sita tangu nianze kuwa mlezi wa hosteli. Naandika nikiwa nimevaa koti na soksi mbili mbili. Waliowahi kukaa kwenye milima ya Uporoto, Mbeya, mwezi wa saba wanajua sisemi hivyo kwa madoido.

Kazi yenyewe niliipata kwenye kikao cha walimu, mwezi wa sita, tulipofika kwenye "mengineyo". Wazazi na bodi walikuwa wamekubaliana kidato cha nne wahamie shuleni mpaka mtihani wa Novemba. Yetu ni shule ya kata, bweni hatuna, kwa hiyo madarasa mawili ya zamani yakaingizwa vitanda vya deka na kuitwa hosteli. Wazazi wanaleta mahindi na maharage, pamoja na fedha kidogo ya mpishi na kuni. Mkuu akanigeukia: "Ticha, si unakaa hapa hapa? Utatuangalizia wavulana." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kwenye muhtasari wa kikao kile suala la mlezi halimo. Nimeukagua mara mbili.

Nina vipindi 26 kwa wiki, Kemia na Fizikia. Juu yake ikaja prepo, saa moja mpaka saa tatu usiku, siku tano. Halafu mzunguko wa saa nne kuhesabu vitanda, maana wavulana ni 41 na kijiji hakiko mbali. Prepo peke yake ni saa kumi kwa wiki, yaani vipindi 15 vya dakika arobaini ambavyo haviko kwenye ratiba yoyote. Niliyajua haya kwa sababu wiki ya pili nilianza kuyaandika kwenye daftari dogo la mraba, tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza. Sikuwa na mpango wowote nalo. Nilitaka tu kujua kwa nini nachoka.

Malipo sikuuliza. Naona aibu kulisema, lakini sikuuliza, kwa sababu watoto wale nawapenda na matokeo ya Kemia ya mwaka jana bado yananiuma.

Kilichobadilisha mambo ni jiko.

Jumanne ya wiki jana nilitoka nje saa nane usiku kwa haja zangu, nikaona wekundu chini ya mlango wa chumba cha pili. Nikagonga, kimya. Nikasukuma mlango, ukagoma kidogo, kumbe walikuwa wamesokomeza gunia chini yake. Madirisha nayo yamezibwa kwa maboksi. Katikati ya vitanda kulikuwa na jiko la mkaa, limeshika vizuri, halina moshi hata kidogo, chumba kina joto tamu kama jikoni kwa bibi. Nililitoa kwa mikono miwili nimeishika shuka, bado nina malengelenge kwenye kidole gumba cha kulia. Kisha nikafungua madirisha na kuanza kuamsha mmoja mmoja. Wengi waliamka wakilalamika baridi. Watatu ilibidi niwavute. Mmoja alifika barazani akatapika, akakaa chini, akasema, "Mwalimu, kichwa kinanigonga na miguu siisikii."

Na mimi ndiye niliyewafundisha kaboni monoksaidi! Tuliandika ubaoni kwamba haina rangi wala harufu, kwamba inang'ang'ania himoglobini kuliko oksijeni inavyoweza, ndiyo maana damu inazunguka na mtu anakosa hewa bado anapumua. Walifaulu lile zoezi. Ila mtu wa huku anaogopa moshi, na mkaa uliokolea hauna moshi, basi jiko likishawaka vizuri ndipo wanaona sasa ni salama kuliingiza ndani. Dalili zake nazo zinadanganya: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea. Kijana anadhani ni malaria au usingizi, anajifunika blanketi zaidi. Dalili niliyopaswa kuikamata mapema ni kwamba wanaumwa wengi kwa pamoja chumba kimoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Wiki nzima kabla ya hapo watoto wa chumba cha pili walikuwa wananiambia asubuhi kwamba vichwa vinauma. Nikawaambia wanywe maji.

Alfajiri tuliwapeleka zahanati wote watatu. Wamepona, wako darasani.

Saa mbili asubuhi nikawa ofisini kwa mkuu.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Pole na usiku. Umefanya kazi kubwa, mdogo wangu."

"Asante. Mkuu, naomba barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kuwa mlezi wa hosteli. Mmoja wa wale asingeamka, leo polisi wangeuliza nani alikuwa na dhamana ya chumba kile. Mimi ningesema nini?"

Akavua miwani. Nilidhani atazungumzia watoto, akazungumzia hoja. Sio hoja ya mabishano, hoja ya ukaguzi. "Nikikuandikia barua, nimekupa kazi ya ziada. Kazi ya ziada ina posho. Posho ina kifungu. Mimi kifungu hicho sina. Mwakani unaleta madai, mkaguzi naye analeta hoja, na anayejibu ni mimi." Akanikumbusha kwamba tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango, fedha inayoingia kutoka serikalini inakuja na maelekezo ya matumizi, hakuna shilingi iliyoandikwa mlezi. Ile ya wazazi ni ya mpishi na kuni, akigusa mia moja kumlipa mwalimu itasemwa ni mchango usio na kibali. Yote kweli. Nilikuwa nimeingia mle nikitaka kumkasirikia na nikaona ananinyima nafasi.

Kisha akaharibu. "Na isitoshe, mwalimu, muundo wako wa utumishi unasema utafanya kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi."

Kila mwalimu Tanzania anaijua sentensi hiyo, iko mwisho kabisa wa orodha ya majukumu. Nikamjibu kwamba ina mkia ambao wakuu huuacha: kazi hizo zilingane na elimu, uzoefu na taaluma ya mtu. Kusimamia prepo, sawa. Kulinda chumba saa nane usiku ni taaluma gani? Tena neno lenyewe ni kupangiwa. Kupangiwa kwa mzaha kwenye mengineyo ni kupangiwa?

"Wewe una posho ya madaraka, mkuu," nikasema. Laki mbili na nusu kwa mwezi, kila mtu anajua. Nilipolitamka nilitamani kulirudisha.

Hakupandisha sauti. Akafungua droo, akatoa daftari, la mraba kama langu. Nauli za kwenda halmashauri, vocha, bodaboda ya mtoto mgonjwa, mafuta ya gari la mtu aliyesaidia kubeba saruji. Ya alfajiri ile ilishaandikwa: bodaboda tatu, zahanati. "Hii ndiyo posho unayoisema," akaniambia. Tukakaa kimya, watu wazima wawili wenye madaftari ya madeni ambayo hakuna wa kuyalipa.

Ningeishia hapo. Usiku ule, hata hivyo, niliingia kwenye mfumo wa PEPMIS, ambao siku hizi ndio unaopima utendaji wetu badala ya OPRAS, nikaongeza jukumu: kusimamia hosteli ya wavulana na masomo ya usiku. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Msimamizi wangu akiidhinisha, basi kazi ipo. Akikataa, basi haipo, na mimi nalala. Hakufanya lolote kati ya hayo kwa siku nne. Siku ya tano akalirudisha bila maelezo. Jioni ile sikwenda prepo, na saa nne sikuhesabu vitanda. Nilikaa chumbani nikisikiliza. Huo ndio usiku wa kazi mrefu kuliko zote, na kwenye daftari sijauandika kwa sababu sijui niuandike kama nini.

Asubuhi makamu akaniita pembeni: mkuu ameanza kuandika barua ya kunitaka nijieleze. Mwakilishi wetu wa chama cha walimu akaniambia niache hasira, barua ya kujieleza ni zawadi. Kuniuliza kwa nini sikutekeleza jukumu, lazima kwanza alitaje jukumu, alilinipa lini na kwa maandishi gani. Nadhani mkuu naye aliliona hilo akiwa katikati ya kuandika. Ya kujieleza haikuja.

Ikaja ya leo. Aya mbili, muhuri, nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Nimeteuliwa mlezi wa hosteli ya wavulana hadi mwisho wa mtihani, nitasaidiana na walimu watatu kwa zamu, na vipindi vya kwanza vya asubuhi baada ya zamu ya usiku vitapangwa upya. Hilo la zamu sikuliomba, amelifikiria mwenyewe, na ndilo la maana kuliko yote. Ila mstari wa mwisho ulisema nimekubali kufanya kazi hii kwa kujitolea.

"Mkuu, hili neno."

"Kujitolea? Lina ubaya gani? Si ndicho unachofanya?"

"Ndicho ninachofanya. Lakini ukiliandika wewe, nimesamehe. Nikilisema mimi, sijasamehe."

Akaniangalia muda mrefu. Hakulifuta, kwa sababu barua ilishachapwa na mashine yetu haina wino wa kuchezea. Akanisogezea kalamu, akageukia dirishani kama mtu aliyeona kitu uwanjani. Kwenye nakala yake nikaandika "nimepokea", tarehe, sahihi. Sikuandika nimekubali. Akageuka, akasoma, akaguna, akaiweka kwenye faili.

Zamu ya leo ni ya mwalimu wa Jiografia. Saa nne nimemsikia akihesabu kwa sauti, akakosea akarudia, mpaka akafika 41. Majiko mawili tuliyoyakamata yako nje ya mlango wangu, yamefunikwa na umande. Keshokutwa ni zamu yangu, na daftari nimelihamishia kwenye bahasha moja na barua.