Ovataimu si mshahara, nimeambiwa leo

Jamani leo nimerudi benki mdomo wazi. Mimi karani wa yadi ya makontena hapa Changamwe, peislipu yasoma besiki 36,000, hausi alawansi 9,000 na ovataimu 15,000, jumla 60,000, nikajua loni ya kulipa 22,000 kwa mwezi naipata tu.

Dada wa mikopo kachukua kalamu, kwanza akaikata ovataimu yote, ati meli zikipungua na yenyewe haipo (na kweli, Februari nilipata 3,000 pekee). Tukabaki na 45,000. Akatoa ushuru, NSSF, SHIF na hauzingi kama 9,000, kisha sako yangu 10,000, ikabaki 26,000.

Mie nikasema basi hizo zote, akacheka. Lazima ibaki theluthi ya besiki mkononi, yaani 12,000, sheria ya ajira hairuhusu makato yapite theluthi mbili. Kwa hiyo mwisho wangu ni 14,000 kwa mwezi. Akaniambia nikimaliza sako mwezi wa nane nirudi, hiyo 10,000 inarudi kwenye hesabu. Naona bora ningoje.