Sampuli ya Bukavu bila orodha ya kaya

Kongo haijafanya sensa tangu 1984, kwa hiyo ukitaka kuhoji kaya za Kadutu, mojawapo ya mitaa ya Bukavu, orodha ya kuchagulia haipo. Nilianza na gridi ya WorldPop, ramani ya makadirio ya idadi ya watu, yenye seli za mita 100 kwa 100. Seli nilizichagua kwa kufuata makadirio ya watu: yenye watu wengi hupata nafasi kubwa zaidi. Hapo hapakuwa na tabu.

Tabu ilikuwa ndani ya seli. Mshauri mmoja alisisitiza turushe nukta za kubahatisha, kisha tuhoji nyumba iliyo karibu na kila nukta. Ushauri huo bado unaniudhi. Nilipakua ramani ya majengo ya Google Open Buildings, nikachukua seli moja yenye majengo 62, nikarusha nukta 1,000 katika programu ya ramani ya QGIS. Kila jengo lilistahili nukta 16 hivi. Nyumba moja iliyojitenga ukingoni mwa bonde ilidaka karibu mia, kwa sababu nukta zote za mteremko mtupu uliouzunguka ukuta wake zilikuwa zake. Vijumba vilivyobanana juu viligawana makombo. Maskini wangepotea kwenye matokeo, na majibu yenyewe yasingeonyesha hivyo.

Nikayapa majengo yote namba, kwa mstari unaopinda kwenda na kurudi, nikachagua 12 kati ya hizo kwa kubahatisha. Wahojaji walipewa picha ya setilaiti iliyochapishwa, maana katikati ya mabati GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa na kukupeleka kwa jirani. Tulitumia dola kidogo tu kwa uchapishaji.

Baadhi ya namba ziliangukia jiko, choo au duka. Niliwakataza kabisa kuhamia nyumba ya pili: andika "si makazi", endelea. Ndiyo maana nilichukua 12 nikihitaji kaya kama nane. Vijengo vidogo sikuvifuta kwa ukubwa wa paa, kwani Kadutu watu hulala humo.

Upande wa pili, bati moja hufunika kaya kadhaa. Mhojaji aliuliza, "Mama, chini ya bati hili kuna vyungu vingapi vinavyopikwa mbalimbali?" Vikiwa vitatu, alichagua kaya moja kwa kura na kuandika 3. Ukisahau hiyo tatu umeharibu kazi, kwa sababu uzito wa kaya hiyo ndani ya seli, kwa maana ya idadi ya kaya inazowakilisha, ni 62/12 mara 3, yaani 15.5, wakati kaya inayoishi peke yake hubeba 5.2 tu. Kisha unazidisha kwa uzito wa seli yenyewe.

Nyumba zilizojengwa baada ya picha kupigwa nazo zilipata njia. Jengo jipya likionekana kati ya namba iliyochaguliwa na namba inayofuata, linaingia pamoja na hiyo iliyochaguliwa, na jengo hilo huchukua uzito uleule wa 62/12.